Msaada: nina picha ya kadi ya kliniki ya mtoto, tarehe zinanichanganya, nataka kuzipanga vizuri

Mama wa Tabata

Wakuu habari zenu. Mwanangu wa kike amezaliwa tarehe 14 Machi 2021. Tunajiandaa kumfuata baba yake Marekani na shule ya huko wanataka orodha ya chanjo zake zote, jina la chanjo na tarehe. Kadi yenyewe iko kwa bibi yake Kilosa, mimi nina picha tu niliyotumiwa WhatsApp. Nimejaribu kuandika orodha nikakwama. Kuna tarehe ina namba inayosomeka 1 au 7, kuna surua ambayo tarehe yake inaonyesha alichanjwa kabla hajazaliwa, na kuna nyingine imefifia. Halafu polio ziko nyingi sijui zinatofautianaje. Hii ndiyo orodha niliyofikia:

BCG 16/3/21
Polio mara nne
DPT 27/4/21, 7/6/21 (?), 29/6/21
Nimonia, kuhara, tarehe hizo hizo
Surua 4/1/21 (??), 27/9/22
Vitamini A 14/9/21, 20/9/22

Nimeambatanisha picha. Naombeni mwongozo.

Mzee Kibao

Binti, hiyo kadi ya kliniki haikusaidii safarini. Kinachotakiwa ni kadi ya njano, ile ya homa ya manjano. Nenda hospitali ya mkoa ukachanjwe wewe na mtoto, wanagonga muhuri hapo hapo. Mimi nilisafiri nayo, hawakuniuliza kitu kingine.

Mama wa Tabata

Shikamoo mzee. Hiyo naifahamu. Hapa naulizia ya shule, wanataka chanjo za utotoni.

Mzee Kibao

Marahaba. Basi hao wasumbufu.

Msimamizi wa jukwaa

Mama wa Tabata, nimeondoa picha. Ilikuwa inaonyesha jina kamili la mtoto, namba ya kadi na kijiji. Funika sehemu hizo halafu uiweke tena.

Kijana wa Majedwali

Dada usiumize kichwa. Simu nyingi sasa zina programu ya kusoma maandishi kwenye picha. Unaielekeza kwenye kadi, inatoa maandishi yote, unabandika kwenye Excel, kazi imeisha. Ile iliyofifia kama haisomeki angalia ratiba, dozi ya pili ni wiki ya 10, hesabu kutoka alipozaliwa ujaze.

Mratibu Mstaafu

Nimefanya kazi ya chanjo ngazi ya wilaya mpaka nikastaafu, na kadi hizi nimezikagua nyingi kuliko sahani nilizolia ugali. Naomba nianze na huyu kijana kabla hajampoteza dada yetu.

Programu hizo zinasoma vizuri maandishi ya kuchapwa. Kwenye kadi yetu kilichochapwa ni jina la chanjo, na hicho hata wewe unakisoma bila shida. Kinachosumbua ni tarehe, na tarehe zimeandikwa kwa mkono, kwa haraka, nesi ana foleni ya akina mama mbele yake. Programu itakupa 7 mahali pa 1 bila kukuambia kwamba ilisita. Tena mistari ya jedwali la kadi ni myembamba, na picha ikipigwa upande, tarehe ya mstari mmoja inahamia mstari wa chini yake. Kwa hiyo itumie ukitaka, lakini kila tarehe uirudie kwa macho.

Hili la pili ni zito zaidi. Tarehe isiyosomeka haijazwi kwa ratiba. Ratiba inaeleza mtoto alipaswa kufika lini. Kadi inaeleza alifika lini. Ukijaza kwa ratiba umetunga, na ni rahisi kugundulika, kwa sababu ni mtoto mmoja mmoja sana anayetimiza wiki 6, 10 na 14 sawasawa bila kupitiliza hata siku. Isiyosomeka iandike kwamba haisomeki.

Sasa dada, kabla hatujasoma chochote nahitaji picha bora. Hiyo nimeiwahi kabla haijaondolewa, na ina mambo matatu yanayoniudhi. Kadi ilikuwa ndani ya nailoni, mwanga umerudi juu ya nailoni na kuifuta safu ya nimonia. Imepigwa kwa upande. Na inaonekana mtu ameipitisha kwenye programu ya kuigeuza iwe nyeusi na nyeupe, kama fotokopi.

Mama wa Tabata

Shikamoo mratibu, nashukuru sana. Ni kweli, mjomba alisema ameisafisha ili ionekane vizuri.

Mratibu Mstaafu

Marahaba mwanangu. Hapo ndipo alipoharibu, kwa nia njema. Kwenye kadi kuna tarehe za kalamu na kuna tarehe za penseli. Ya kalamu ni chanjo iliyotolewa. Ya penseli mara nyingi ni tarehe ya kurudi, nesi anaiandika kwenye kisanduku cha dozi inayofuata ili mama asisahau, halafu mtoto akija anaifuta au anaandika juu yake kwa kalamu. Ukiigeuza picha kuwa nyeusi na nyeupe, penseli na kalamu vinafanana. Mtu anaihesabu tarehe ya miadi kuwa chanjo. Kwa makosa yote ya kunakili kadi niliyoyaona, hilo ndilo lililoongoza.

Mwambie mjomba atoe kadi kwenye nailoni, ailaze mezani karibu na dirisha mchana, azime taa ya kamera, ashike simu juu yake wima. Apige kadi nzima mara moja, kisha kila kipande cha jedwali la chanjo kwa karibu, na upande wa pili wenye chati ya uzito. Zibaki na rangi zake. Na asizitume kama picha, WhatsApp inazibana. Azitume kwa njia ya faili, pale panapoandikwa Document.

Wanjala wa Bungoma

Mimi niko Kenya, shida yangu inakaribiana. Huku tuna kijitabu cha mama na mtoto. Kifungua mimba wangu ana dozi mbili pekee za rota, ile chanjo ya kuhara, mdogo wake ana tatu. Shule ilinirudisha wakisema mkubwa amekosa moja. Nimeenda kliniki wakaniambia hajakosa. Nimwamini nani?

Mratibu Mstaafu

Wanjala, kliniki wako sahihi. Kuna chanjo ya rota ya dozi mbili na kuna ya dozi tatu, ni bidhaa tofauti, na nchi ikibadilisha bidhaa kadi zinabadilika. Mkubwa wako amemaliza ile ya kwake. Ndiyo maana huwa nasisitiza usihesabu visanduku vitupu kabla hujajua kadi ni ya nchi gani na ya miaka gani. Kadi ya binti wa Mama wa Tabata itakuwa na rota mbili, wiki ya 6 na ya 10. Ya tatu asiitafute.

Wanjala wa Bungoma

Asante. Sasa nani atawaambia shule?

Mama wa Tabata

Mjomba ametuma nyingine, nimefunika jina na namba. Nailoni imetolewa. Naziweka hapa.

Mratibu Mstaafu

Hizi sasa ni picha. Kijana wa Majedwali, njoo na wewe, una kazi.

Dada, chora jedwali lenye safu nne. Jina la chanjo kama lilivyo kwenye kadi. Tarehe kama ilivyoandikwa, hata kama ina kosa, usiirekebishe humo. Tarehe unavyoielewa wewe. Na maelezo. Safu ya pili na ya tatu zisichanganywe kamwe, kwa sababu kesho mtu akikuuliza umeitoa wapi tarehe fulani, lazima uweze kumwonyesha kilichokuwepo na kile ulichokifikiria.

Naanza na majina. Umeandika DPT. Kwenye kadi pameandikwa DPT-HepB-Hib, sisi tunaiita Penta. Ni sindano moja yenye kinga tano: dondakoo, kifaduro, pepopunda, homa ya ini B na ile bakteria ya Hib. Ukiandika DPT peke yake umemnyima mtoto kinga mbili kwenye karatasi, na huko aendako watamdunga upya.

Polio ulizosema nne naziona ni tano. Nne ni matone: ya kuzaliwa, ambayo ni OPV 0, kisha 1, 2 na 3. Ya tano imeandikwa kwa mkono pembeni, chini ya OPV 3, kwa sababu kadi yenyewe ni ya chapa ya zamani. Sindano ya polio iliingia kwenye ratiba yetu mwaka 2018, na vituo vingine viliendelea kutumia kadi zilizochapwa kabla ya hapo, nesi akaongeza mstari wake. Herufi ya kwanza imekaa vibaya, mtu anaweza kusoma OPV. Lakini OPV 3 tayari ina tarehe yake 29/6/21, na hii ya pembeni ni tarehe hiyo hiyo. Mtoto hapewi matone mara mbili siku moja. Hiyo ni IPV, sindano, inayotolewa wiki ya 14 pamoja na dozi za tatu.

Kijana wa Majedwali

Nipo mkuu. Nimeziingiza. Tarehe ya kuzaliwa iko B1, tarehe za chanjo safu ya C. Nimeweka fomula mbili, moja inatoa umri kwa siku, nyingine jina la siku ya wiki:

```
=C2-$B$1
=TEXT(C2,"dddd")
```

Kwa aliye kwenye kompyuta iliyopangwa kwa mtindo wa Marekani, angalieni sana. Ukiandika 1/6/2021 inaelewa Januari 6, bila kulalamika. Mimi nimeandika zote hivi: `2021-06-01`.

Halafu kuna kitu nimekiona. Ukiacha hiyo yenye utata na ile ya surua ya kabla ya kuzaliwa, tarehe zote zilizobaki ni Jumanne. 16 Machi Jumanne, 27 Aprili Jumanne, 29 Juni Jumanne, 14 Septemba Jumanne, na zile mbili za Septemba 2022 pia Jumanne.

Mratibu Mstaafu

Safi sana kijana. Zahanati ndogo huwa na siku yake ya chanjo, na hii yao ni Jumanne. Umetupa ufunguo.

Tuje kwenye 1 au 7. Kwenye mstari wa Penta 2 wino umesambaa. Tarehe ni 1/6/21 au 7/6/21. Mstari wa OPV 2 una alama mbili tu za kurudia, nimonia imeandikwa kwa mabano ya pamoja, rota imeangukia kwenye mkunjo. Kwa hiyo tarehe moja inabeba chanjo nne, ndiyo maana inafaa tuisumbukie.

Angalia mwandiko kwanza. Kwenye 27/4 nesi ameandika 7 yenye kistari katikati. Hii ya Juni haina kistari. Hiyo peke yake haitoshi, wanaweza kuwa manesi wawili.

Angalia nafasi kati ya dozi. Penta 3 imeandikwa 29/6/21 na inasomeka bila shaka. Kati ya dozi na dozi ni wiki 4, siku 28. Kutoka tarehe 1 Juni hadi 29 Juni ni siku 28 kamili. Kutoka tarehe 7 ni siku 22, na nesi anayejua kazi asingemchanja, angemwambia mama arudi wiki inayofuata.

Kisha siku ya wiki. Juni 1 mwaka 2021 ilikuwa Jumanne. Juni 7 ilikuwa Jumatatu.

Mambo matatu yanaelekea upande mmoja. Kwenye safu ya pili andika "1/6/21 au 7/6/21, wino umesambaa". Safu ya tatu, 1 Juni 2021. Maelezo, andika sababu.

Binti wa Pangani

Mratibu samahani, sisi kijijini walikuwa wanatuchanjia watoto hata Jumamosi chini ya mwembe. Kwa hiyo hiyo Jumanne si sheria.

Mratibu Mstaafu

Kweli kabisa, hiyo ni huduma ya mkoba, na ina siku zake. Ndiyo maana siku ya wiki nimeiweka mwisho. Inasaidia kuchagua kati ya tarehe mbili zinazowezekana, haitoshi kuikataa tarehe iliyoandikwa wazi. Ningekuta Jumapili inayosomeka vizuri ningeiacha ilivyo, na kuweka alama tu.

Mama wa Tabata

Nimeelewa. Na hiyo surua ya 4/1/21? Mtoto alikuwa bado tumboni.

Kijana wa Majedwali

Januari. Hata mimi kazini naandika mwaka wa zamani mpaka Februari.

Mratibu Mstaafu

Ndiyo hiyo. 4/1/22 atakuwa na siku 296, miezi tisa na wiki tatu, na surua-rubela ya kwanza inatolewa akifikisha miezi 9. Na 4 Januari 2022 ni Jumanne, wakati 4 Januari 2021 ilikuwa Jumatatu. Zaidi ya hapo geuza kadi uangalie chati ya uzito. Kuna nukta ya mwezi wa kumi tangu azaliwe, ndiyo Januari 2022 yenyewe, kwa maana alipimwa mwezi huo. Chati ya uzito watu wanaisahau, na ni shahidi mzuri, kwa sababu mtoto hupimwa kwanza ndipo achanjwe.

Lakini usiifiche. Safu ya pili ibaki "4/1/21". Hiyo karatasi ikisimama pamoja na picha ya kadi, na tarehe mbili hazifanani, atakayeisoma lazima akute maelezo yako hapo hapo.

Sasa nikupe habari isiyopendeza. Surua ya pili uliyoandika 27/9/22. Kwenye picha hii ya rangi, hiyo ni penseli.

Mama wa Tabata

Maana yake hakuchanjwa?

Mratibu Mstaafu

Maana yake kadi haisemi kwamba alichanjwa. Tazama mstari wa vitamini A. 20/9/22 imeandikwa kwa kalamu. Kwa hiyo siku ile alifika, akapimwa, akapewa matone ya vitamini. Lakini surua hakupewa, badala yake ikaandikwa penseli Jumanne iliyofuata. Nadhani najua kwa nini. Chanjo ya surua-rubela tunayotumia inakuja unga kwenye kichupa cha dozi 10. Ukishaichanganya na maji yake ina saa 6, baada ya hapo inatupwa. Manesi wengi hawakifungui kwa ajili ya mtoto mmoja au wawili. Wanasema mama njoo wiki ijayo tutakuwa na watoto wa kutosha. Utaratibu haumruhusu amrudishe mtoto kwa sababu hiyo, lakini hutokea sana. Wengine hawarudi.

Nani alikuwa na mtoto Septemba 2022?

Mama wa Tabata

Bibi yake. Mimi nilikuwa nimerudi kazini Dar. Nimempigia sasa hivi, anasema alimpeleka, "walimchoma". Lakini hakumbuki ni lini, na anaweza kuwa anasema ile ya miezi tisa.

Kijana wa Majedwali

Si aandike tu 27/9? Bibi ameshuhudia.

Mratibu Mstaafu

Hapana. Tarehe ya penseli pamoja na kumbukumbu ya bibi bado ni miadi. Kuna njia mbili za kuhakikisha. Zahanati ina rejesta ya watoto, MTUHA namba 7, mtoto ana mstari wake na safu za tarehe za kila chanjo. Mjomba aende na kadi, aombe kwa adabu, asiende Jumanne maana hatasikilizwa. Ya pili, angalia kama kadi ina stika yenye mistari myeusi au kijimraba. Mikoa kama Arusha na Tanga walianza mapema kuingiza watoto kwenye mfumo wa kompyuta, na stika hiyo ilikuwa inabandikwa kwenye kadi. Ikiwepo, kituo kinaweza kumtafuta mtoto humo.

Mama wa Tabata

Stika haipo. Mjomba ataenda Alhamisi.

Muuguzi wa Columbus

Salaam kwenu. Niko kliniki ya watoto huku Ohio, kadi za nyumbani zinaletwa kwangu nizitafsiri, kwa hiyo niongeze ya upande wa huku.

Mratibu amefanya vizuri kutenganisha matone na sindano, kwa sababu huku hilo linaamua mambo. Matone yaliyotolewa kuanzia Aprili 2016 hayahesabiwi Marekani. Mwezi ule dunia nzima iliacha matone yenye aina tatu za kirusi cha polio na kuhamia yenye aina mbili, na huku wanataka kinga ya aina zote tatu. Kwa hiyo kati ya polio tano za binti yako, watakayohesabu ni hiyo moja iliyoandikwa kwa mkono pembeni. Ukiandika "Polio" tano bila kueleza, nesi makini atazikataa zote kwa kuwa hajui ni ipi. Andika OPV na IPV, na namba ya dozi.

Binti wa Pangani

Jamani, kwani mtoto wetu amechanjwa maji?

Muuguzi wa Columbus

Hapana dada, usiogope. Yale matone yanamkinga na aina zilizomo. Ni kanuni ya kuhesabu tu ya nchi hii, wala si dosari ya chanjo yetu.

La pili ni surua. Andika MR, kama kadi inavyosema. Nimeona watu wanaandika MMR kwa kudhani ni kitu kimoja. MMR ina matumbwitumbwi ndani yake, ya kwetu haina. Na huku dozi ya surua iliyotolewa kabla ya mwaka mmoja haihesabiwi, kwa hiyo ile ya Januari 2022 hawataihesabu hata tarehe yake ikiwa safi kabisa.

Mama wa Tabata

Kwa hiyo yote haya ya kutafuta surua ni bure?

Muuguzi wa Columbus

Ile ya pili ina thamani ikithibitika, maana angekuwa na miezi 18. Ila hata ikithibitika atahitaji MMR mbili kwa ajili ya matumbwitumbwi. Ikishindikana, atachanjwa, na kuchanjwa surua tena hakumdhuru mtoto aliyekwisha kuchanjwa. Kwa hiyo mjomba aende, lakini asigombane na mtu.

Tarehe zote andika mwezi kwa jina. Huku wao wanaanza na mwezi. Ukiwaletea 1/6/21 watasoma Januari 6, miezi miwili kabla hajazaliwa. 4/1/22 watasoma Aprili mosi, na hiyo ni mbaya zaidi kwa sababu inawezekana, hakuna atakayeshtuka. Ile 27/4 ndiyo itakayowashtua, maana hakuna mwezi wa 27.

Mratibu Mstaafu

Hilo la mwezi kwa jina nimelipenda. Mimi ningeweka pia vitamini A, lakini mstari wake chini, peke yake. Si chanjo.

Mama wa Tabata

Nimeandika upya. Naombeni mnikague. Alizaliwa 14 Machi 2021.

16 Machi 2021, siku 2: BCG, OPV 0
27 Aprili 2021, wiki 6: OPV 1, Penta 1 (DPT-HepB-Hib), PCV 1 ya nimonia, Rota 1
1 Juni 2021, wiki 11: OPV 2, Penta 2, PCV 2, Rota 2. Namba ya siku imesambaa wino, inaweza kusomwa 1 au 7. Nimechukua 1 kwa sababu dozi ya tatu ilitolewa 29 Juni na nafasi ni siku 28
29 Juni 2021, wiki 15: OPV 3, Penta 3, PCV 3, IPV (imeandikwa kwa mkono pembeni)
4 Januari 2022, miezi 9: MR 1. Kadi imeandikwa 4/1/21, mtoto alikuwa hajazaliwa. Chati ya uzito ina nukta ya Januari 2022
MR 2: haijathibitishwa. Kuna 27/9/22 kwa penseli

Zisizo chanjo: vitamini A 14 Septemba 2021 na 20 Septemba 2022

Muuguzi wa Columbus

Hapo umemaliza. PCV kadi imeandika 13 mbele yake? Kama imeandika, iandike PCV13. Kama haikuandika, usiongeze.

Mama wa Tabata

Imeandikwa PCV13, kwenye kichwa cha mstari. Naongeza.

Kijana wa Majedwali

Dada na mimi niulize, kwenye picha kuna safu ya namba ndefu ndefu pembeni ya tarehe. Hizo ni nini, ziingie?

Mratibu Mstaafu

Namba za bechi, zinatambulisha shehena iliyotoka kichupa. Zikisomeka ziweke kwenye maelezo. Wachunguzi wanazipenda kwa sababu miadi ya penseli haiwi nazo. Tazama mstari wa MR 2, kisanduku cha bechi ni kitupu.

Mama wa Tabata

Mrejesho wakuu. Mjomba ameenda zahanati. Rejesta ya watoto waliozaliwa 2021 ipo, jina la mtoto lipo, na tarehe zote hadi MR 1 zinafanana na orodha yangu. Dozi za pili pameandikwa 1/6/21 wazi kabisa. MR 1 pameandikwa 4/1/22. Safu ya MR 2 iko tupu. Nesi wa sasa alikuwa hayupo 2022, amesema inawezekana alichanjwa siku ya kampeni au kituo kingine, hawezi kusema. Amegonga muhuri kwenye nakala ya orodha yangu na kusaini, isipokuwa mstari wa MR 2.

Bibi bado anasisitiza alichomwa.

Mratibu Mstaafu

Aliyekataa kusaini mstari huo anaijua kazi yake. Muulize bibi kama alichomwa mkono au paja, na kama mtoto alikuwa anatembea. Haitabadilisha karatasi, lakini mimi nataka kujua.

Wanjala wa Bungoma

Bado nasubiri kujua ya shule yangu na hizo rota mbili.

Muuguzi wa Columbus

Wanjala, waombe kliniki wakuandikie barua fupi yenye jina la chanjo ya rota aliyopewa mkubwa na maneno kwamba inakamilika kwa dozi mbili. Mwalimu hatabishana na muhuri.

Mama wa Tabata

Mratibu, bibi anasema mkono, na alikuwa anakimbia kuku.

Mratibu Mstaafu

Miezi tisa hawakimbii kuku. Lakini penseli ni penseli. Acha hivyo hivyo.